Barua ya Kuomba Kuingia Segerea

Mwanafunzi wa sheria anayetaka kuzungumza na mahabusu wa Segerea, Dar es Salaam, kosa lake la kwanza huwa ni kuipeleka barua getini. Askari wa zamu anaweza kuipokea vizuri tu, lakini mkuu wa gereza atamrudisha palepale alipotakiwa kuanzia: kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, makao makuu, Msalato, Dodoma.

Na huko barua haiendi peke yake. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makamu Mkuu wa Chuo ndiye mwenye mamlaka ya kutoa kibali cha utafiti kwa wanafunzi wake, mamlaka yanayotokana na waraka wa serikali wa mwaka 1980. Kwa hiyo mwanafunzi huanza na msimamizi wake, akapata kibali cha chuo, ndipo akaandika barua yake kwa Kamishna ikiwa na mstari wa “K.K.”, yaani kupitia kwa mkuu wa kitivo chake. Asiyeupitisha mlango huo husubiri jibu ambalo haliji, na wala hajui barua imekwama masjala gani.

Tuseme tasnifu inahusu watu wanaosubiri kesi zisizo na dhamana. Mada hii ina uzito wake. Mei 2020, katika kesi ya Dickson Paulo Sanga, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini na unyang’anyi wa kutumia silaha, kinakwenda kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Hukumu zote mbili zinasomeka maktaba. Lakini maisha ya anayepanda karandinga kwenda mahakamani, kesi ikaahirishwa, akarudi, maktaba haiyasimulii.

Mwanafunzi akiandika “naomba kuwahoji wafungwa kuhusu haki zao,” ameshaharibu. Mfungwa amehukumiwa, mahabusu bado. Msomaji wa barua ni ofisa wa usalama, na neno “haki” lililoachwa bila mipaka humfanya awaze malalamiko, magazeti na maswali bungeni. Mbele ya macho yake, sentensi kama hii ina nafasi nzuri zaidi: “Naomba kuzungumza na mahabusu 12 wa kiume walio Gereza la Segerea kwa makosa yasiyo na dhamana, kila mmoja kwa dakika 40, katika siku tatu mtakazopanga. Sitaingia na simu wala kinasa sauti. Nitaandika kwa kalamu. Orodha ya maswali imeambatishwa.”

Halafu kuna sentensi ambayo wengi huisahau, nayo pengine ndiyo bora kuliko zote: “Sitamuuliza mhojiwa yeyote kama alitenda kosa analoshtakiwa nalo.” Mtafiti si wakili. Maongezi yake na mahabusu hayana ile kinga ya siri aliyonayo mteja kwa wakili wake, na kijana anayejieleza kwa moyo mweupe leo anaweza kujifunga kwa maneno yake mwenyewe kesho. Ahadi hiyo inamtuliza ofisa, lakini kinga yake hasa ni ya mahabusu.

Ugumu wa kweli uko kwenye nani atakayeletwa mezani. Ukimwachia nyapara au askari achague, utapata watulivu, wasemaji wazuri, wasio na neno baya juu ya jikoni wala seli. Barua inaweza kuomba kwa adabu kwamba majina yachukuliwe kutoka kwenye rejesta kwa kuruka, tuseme kila la tano kati ya waliotimiza mwaka ndani, na kila aliyeteuliwa aulizwe faragha kama anataka. Anayekataa asirudi seli na swali la “kwa nini umekataa?” Inafaa pia kuomba askari akae anapoona lakini hasikii. Ombi hili hukataliwa mara kwa mara, na likikataliwa tasnifu ilitaje wazi, kwa sababu majibu yaliyotolewa askari akiwa pembeni hayasomwi kama mengine.

Fomu ya ridhaa nayo iwe ya Kiswahili, isomwe kwa sauti, ikubali dole gumba, na iseme kwamba hakuna malipo, hakuna msaada wa kesi, hakuna jina litakaloandikwa. Mtu aliye ndani bila dhamana akimwona mgeni mwenye daftari hutarajia mengi.

Jibu linaweza kuchukua majuma mengi, ilhali tarehe ya kuwasilisha tasnifu haisogei. Ndiyo maana wasimamizi wazoefu humtaka mwanafunzi aandae njia ya pili mapema: kusoma majalada ya kesi katika Mahakama ya Kisutu kwa idhini ya mahakama, kuhesabu maahirisho, na kuzungumza na mawakili pamoja na watu waliokwishaachiwa, ambao wanahojiwa nyumbani kwao bila barua ya Msalato.