Kifaru Amelala, Kifaru Kimeharibika

Karatasi ya zoezi ina sentensi sita tu. Agizo lake ni fupi: jaza pengo kwa kiambishi kinachofaa, kisha eleza sababu. Kujaza si kazi kubwa kwa aliyekulia kwenye Kiswahili. Sehemu ya pili ndiyo inayotoa jasho, kwa kuwa ulimi hujua mambo mengi ambayo mwenye ulimi hajawahi kuulizwa.

1. Kifaru ___meonekana karibu na mto.
2. Dada ___angu mdogo ___mefika jana.
3. Gari ___etu ___meharibika njiani.
4. Ukuta wa shule umeanguka. (Andika katika wingi.)
5. Nyumbani ___mejaa moshi.
6. Kiti na meza ___mevunjika.

Sentensi ya kwanza imewaangusha wengi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kiti ni KI-VI, kitabu ni KI-VI na kisu ni KI-VI huona ki- mwanzoni mwa kifaru na kuandika "kimeonekana". Jibu linalotarajiwa ni "ameonekana", na wingi wake ni "vifaru wameonekana". Nomino yenyewe imechukua vi- katika wingi kama viti, lakini kitenzi kimefuata njia ya mtu na watu. Sababu ni uhai. Katika Kiswahili sanifu, jina la mtu au mnyama huvuta upatanisho wa a- na wa- hata kama umbo lake linaonyesha ngeli nyingine. Ndiyo maana husemwa kipofu amefika, viongozi wamekutana, madaktari wamegoma na mitume wametumwa. Uhai unaozungumzwa hapa ni wa watu na wanyama peke yao. Mti nao una uhai, lakini ukifa husemwa "mti umekufa", wala hakuna anayesema "mti amekufa".

Sasa sentensi hiyohiyo ihamishiwe kwenye habari za vita. Kifaru cha jeshi kimeonekana karibu na mto. Vifaru viwili vimeharibika. Gari hilo la chuma lilipewa jina la mnyama, lakini halikupewa upatanisho wake, kwa sababu halina uhai. Neno ni lilelile na herufi ni zilezile, ila kiambishi cha kitenzi ndicho kinachomwambia msomaji kama anayezungumziwa ni mnyama au chombo cha vita. Mwalimu anayesahihisha "kimeonekana" kwa alama ya kosa bila kuuliza ni kifaru gani anamnyima mwanafunzi haki yake.

Kanuni ya uhai nayo ina mpaka. Msemaji akitaka kumdogosha mtoto, kwa mapenzi au kwa dharau, husema "kitoto kile kinalia", na akitaka kumkuza mtu hadi atishe husema "jitu lile limeanguka". Mtoto ana uhai, na jitu pia. Tofauti ni kwamba ki- ya kitoto na ji- ya jitu zimewekwa makusudi zilete maana ya udogo na ukubwa, na kitenzi huibeba maana hiyo. Katika kifaru, ki- ni sehemu ya jina tu. Haidogoshi chochote, kwa hiyo haina nguvu ya kuushinda uhai.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mabishano ya zamani kuhusu idadi na majina ya ngeli. Kuna vitabu vinavyopanga nomino kwa kuangalia umbo lake, umoja na wingi: M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA. Kwa mpango huo kifaru hukaa pamoja na kiti. Vitabu vingine, na ndivyo vinavyotawala madarasani siku hizi, hupanga kwa kuangalia kitenzi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na kuendelea. Kwa mpango huu kifaru yuko pamoja na mtu. Wataalamu wa lugha za Kibantu, kwa kufuata kazi ya Wilhelm Bleek katika karne ya 19 na Carl Meinhof baada yake, huzipa ngeli namba. Anayefanya zoezi la upatanisho atanufaika zaidi na mpango wa pili, kwa kuwa unamwelekeza moja kwa moja kwenye kiambishi anachotafuta.

Sentensi ya pili inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi kuliko zote. Jibu ni "Dada yangu mdogo amefika jana." Ikiwa uhai huvuta a- na wa-, mbona si "dada wangu"? Dada ni nomino ya kundi la nyumba na kalamu, lile linalotumia I-ZI: nyumba yangu, nyumba zangu. Uhai umelivuta neno hili kuelekea A-WA, ila kimilikishi kimebaki kulekule: dada yangu, dada zangu. Baba, mama, kaka, shangazi, ndugu, jirani na rafiki yanafuata mkondo huo. Maneno mengine yote katika sentensi yamekwisha kuhama. Kivumishi ni "mdogo", kama cha mtu. Kionyeshi, kikiongezwa, kitakuwa "huyu". Kitenzi ni "amefika". Kwa hiyo katika "dada yangu mdogo huyu amefika" kuna neno moja lenye upatanisho wa I-ZI na matatu yenye upatanisho wa A-WA, na sentensi ni sahihi kabisa.

Mtego unaofuata ni kudhani kwamba kila jina la mtu hufanya hivyo. Sivyo. Husemwa mwalimu wangu, daktari wangu, kiongozi wetu. Wanaobaki na "yangu" ni wa ukoo na wa karibu, yaani majina ya uhusiano yasiyobadilika umbo kama kalamu, pamoja na rafiki, ambaye huenda hadi "marafiki zangu" katika wingi. Wanyama nao hawamo: sanifu ni "mbuzi wangu amepotea", ingawa katika wingi wasemaji wengi husema "mbuzi zangu wamepotea", na masikio ya wengi hayaoni tatizo.

Kwenye gari mambo ni mepesi. "Gari letu limeharibika" ndilo jibu la Kiswahili sanifu, japo Nairobi na Dar es Salaam "gari yetu imeharibika" husikika kila siku. Kipimo ni wingi. Hakuna anayesema "gari zetu" bila kujua kwamba "magari yetu" pia ipo. Na neno likishachukua ma- katika wingi, umoja wake kwa kawaida ni li-, kama shati, basi na kabati, isipokuwa litaje mtu au mnyama, au lianze na u- kama ugonjwa. Meza haichukui ma-, basi ni "meza imevunjika, meza zimevunjika".

Swali la nne linaonekana jepesi, lakini linawachanganya hata watu wazima, kwa sababu u- ya umoja ni mlango mmoja unaotokea vyumba vinne. Mti umeanguka, ukuta umeanguka, ugonjwa umeenea, unga umemwagika: vitenzi vyote vimeanza na u-, na kwa kutazama umoja peke yake hakuna awezaye kuvitofautisha. Vitie katika wingi ndipo vitaachana. Miti imeanguka, kwa hiyo ni U-I. Kuta zimeanguka, kwa hiyo ni U-ZI. Magonjwa yameenea, kwa hiyo ni U-YA. Unga hauna wingi wa kawaida, nao hubaki na u- daima. Jibu la sentensi ya nne basi ni "Kuta za shule zimeanguka". Kosa linaloonekana sana ni "ukuta za shule zimeanguka", pale mwanafunzi anapokumbuka kubadili kitenzi na kusahau kuidondosha u- ya nomino. Nomino za U-ZI zinataka uangalifu kwa sababu haziondoi u- kwa namna moja: ukuta huwa kuta, lakini uzi huwa nyuzi, ubao huwa mbao, ulimi huwa ndimi, wimbo huwa nyimbo.

Katika sentensi ya tano, "Nyumba imejaa moshi" ni sahihi. "Nyumbani imejaa moshi" si sahihi, na kilichobadilika ni silabi moja tu. Kiambishi -ni kikishatiwa mwishoni, nomino huacha kutaja kitu na kuanza kutaja mahali, na upatanisho wake wa zamani hufa palepale. Mahali kuna viambishi vitatu: pa- kwa mahali mahususi panapoonekana, ku- kwa eneo la jumla, na m- au mu- kwa ndani. Moshi hujaa ndani, kwa hiyo jibu bora ni "Nyumbani mmejaa moshi". Anayezungumzia eneo zima la nyumbani anaweza kusema "kumejaa", wala asihesabiwe kosa. Vimilikishi hufuata mgawanyo huohuo: mezani pangu, nyumbani kwangu, chumbani mwangu. Wapo wanaoikwepa "mmejaa" kwa kuwa inafanana na "ninyi mmejaa", lakini neno nyumbani lililotangulia linatosha kuondoa utata.

Imebaki sentensi ya kiti na meza. Kiti kinataka ki-, meza inataka i-, na kitenzi kina nafasi moja ya kiambishi. Hapa wasemaji na waandishi hawafanani. Jibu linalokubalika kwa wengi ni "Kiti na meza vimevunjika", kwa kuwa vi- hutumika kukusanya vitu vya ngeli mbalimbali visivyo na uhai. Wengine hukipatanisha kitenzi na nomino iliyo karibu nacho. Nomino zikiwa za ngeli moja hakuna ugomvi: meza na kalamu zimepotea. Zikiwa na uhai zote, wa- humaliza kazi: mbuzi na kondoo wamepotea. Kazi ngumu huja pale mtu anapounganishwa na kitu. "Mzee na mkongojo wake wameanguka" inaupa mkongojo miguu, na "vimeanguka" inamvunjia mzee heshima. Mwandishi mzuri huigeuza sentensi: "Mzee ameanguka pamoja na mkongojo wake."

Kwa neno lolote linaloleta shaka, kamusi husaidia kuliko kukisia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, huonyesha baada ya nomino kiambishi cha wingi wake, kisha katika mabano ya mraba viambishi vya kitenzi. Kwenye gari msomaji atakuta ma- na [li-/ya-]. Kwenye kifaru mnyama atakuta vi-, na mabano yake yana [a-/wa-]. Wengi husoma maana na kuyaruka mabano hayo, ilhali jibu la zoezi zima limo humo.

Anayetaka kujipima aziandike sentensi hizi katika wingi kabla ya kusoma zaidi: waya umekatika, jirani yangu amehama, wakati umebadilika, jiko limezimika. Majibu ni nyaya zimekatika, majirani zangu wamehama, nyakati zimebadilika, na meko yamezimika.