Kuongeza mzigo bila kuongeza hasara

Jumatatu ya tarehe 4 Machi 2024, bei ya dhahabu ilivuka dola 2,100 kwa wakia na kufunga siku kwenye rekodi mpya. Chini ya wiki sita baadaye, tarehe 12 Aprili, iligusa dola 2,431. Waliowahi kununua walichekelea. Lakini hata kwao lilibaki swali linalomsumbua kila anayefuata mwelekeo wa soko: bei ikishakwenda upande wako, utaongezaje mzigo bila kuhatarisha pesa nyingi kuliko ulizokubali kupoteza mwanzoni?

Njia mojawapo huitwa kujenga piramidi. Haina uhusiano wowote na michezo ya upatu iliyowaliza watu wengi. Hapa mtu ananunua tena juu ya biashara ambayo tayari ina faida, kila nyongeza ikiwa ndogo kuliko iliyoitangulia, na anapandisha kikomo cha hasara ili jumla ya pesa inayoweza kupotea isizidi ile ya siku ya kwanza.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye akaunti ya dola 15,000 aliyejiwekea sharti kwamba biashara moja isimpotezee zaidi ya dola 300, yaani asilimia 2. Siku ile ya Machi ananunua wakia 6 kwa dola 2,100 na kuweka kikomo cha hasara kwenye 2,050. Bei ikirudi hapo, kila wakia inapoteza dola 50, na wakia 6 zinapoteza dola 300 kamili. (Kwa madalali wengi wa mtandaoni, loti 0.01 ya dhahabu ni wakia moja, kwa hiyo huyu amefungua loti 0.06.)

Siku chache baadaye dhahabu inafika 2,180. Anaongeza wakia 4. Sasa ana wakia 10 zilizomgharimu wastani wa dola 2,132 kila moja. Hesabu inayofuata ndiyo roho ya mbinu nzima, nayo ni nyepesi: gawanya dola 300 kwa wakia 10, unapata 30, toa 30 kwenye wastani wa 2,132, unapata 2,102. Kikomo cha wakia zote kikihamishiwa hapo, soko likigeuka atapoteza dola 300 zile zile, ingawa mzigo umekua kutoka wakia 6 hadi 10.

Je, 2,102 ni mahali pazuri pa kuweka kikomo? Hilo hesabu haiwezi kulijibu, chati ndiyo inayolijibu. Kama bei huwa inayumba dola 40 au 50 kabla ya kuendelea, kikomo kilicho umbali wa dola 78 kina nafasi ya kupumua. Hesabu ingedai kikomo kiwe dola 20 tu chini ya bei, nyongeza hiyo ingekuwa imekuja mapema mno au ni kubwa mno, na dawa yake ingekuwa kupunguza wakia au kusubiri.

Ukubwa wa nyongeza ndipo wengi wanapoteleza. Mtu akiona faida hupata ujasiri, na ujasiri humfanya aongeze maradufu. Tuseme mwenzake na huyu wa kwanza, badala ya wakia 4, aliongeza 12 kwa bei ile ile ya 2,180. Tarehe 18 Machi dhahabu ilishuka chini kidogo ya 2,150, mteremko wa kawaida kabisa. Kwenye 2,150, mwenye wakia 10 bado ana faida ya dola 180. Mwenye wakia 18 tayari yuko kwenye hasara ya dola 60, kwa sababu wastani wake umepanda hadi karibu 2,153. Wote wawili walilisoma soko sawasawa, na wa pili ndiye atakayefunga kwa hofu siku chache kabla bei haijaruka tena.

Kweli iliruka. Mwisho wa Machi ilipita 2,230, ambapo mtu wetu anaongeza wakia 2 za mwisho. Jumla ni 12, wastani ni kama 2,148. Hesabu ya dola 300 inamruhusu kuweka kikomo karibu na 2,123, lakini anaona busara kukipandisha hadi 2,140, chini ya shimo la tarehe 18. Hapo hasara yake kubwa inakuwa dola 100. Dola 300 ni dari, hakuna anayemlazimisha kuifikia.

Kuanzia hapo haongezi tena, anapandisha kikomo tu. Dhahabu ilipogusa 2,431, faida yake kwenye karatasi ilikuwa dola 3,392. Kisha tarehe 22 Aprili ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 2 kwa siku moja, na kesho yake ikashuka chini ya 2,300. Kikomo chake kilichokuwa 2,315 kikamtoa na dola 2,000 mkononi. Asingeongeza chochote, wakia zake 6 za mwanzo zingempa dola 1,290.

Mwenye jicho kali atauliza: kama alikuwa na 3,392 na akatoka na 2,000, ile hatari isiyozidi dola 300 ilikwenda wapi? Jibu ni kwamba dola 300 zilihesabiwa kutoka kwenye mtaji wake, hazikuhesabiwa kutoka kwenye kilele cha faida. Asiyevumilia kurudisha faida kiasi hicho itabidi apime umbali kutoka bei ya leo hadi kwenye kikomo. Kwa wakia 12 na dola 300, umbali huo ni dola 25 tu, na dhahabu ya Aprili ile ingemtoa mapema.

Kuna gharama nyingine ambayo wauzaji wa kozi hawaitaji sana. Bei ingegeuka mara tu baada ya nyongeza ya kwanza na kushuka hadi 2,102, asiyeongeza mwenye kikomo hapo hapo angetoka na faida ndogo ya dola 12. Aliyeongeza angepoteza 300. Masoko mengi huyumba tu bila kwenda popote, na humo piramidi hugeuza faida ndogo kuwa hasara kamili, mara kwa mara. Hii ni mbinu ya mwelekeo mrefu, nayo mielekeo mirefu si mingi.

Tena kikomo si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia yuro isishuke chini ya faranga 1.20. Ndani ya dakika chache yuro ilikuwa chini ya faranga moja, na vikomo vingi vilitekelezwa mbali sana na pale vilipowekwa. Soko likiruka hivyo, mwenye wakia 12 anaumia mara mbili ya mwenye 6, hata kama kwenye daftari wote waliandika dola 300.

Mwisho ni jambo la vidole. Kwenye MetaTrader, katika akaunti zinazotenganisha kila oda, oda tatu zina vikomo vitatu, na kuhamisha kimoja hakuhamishi vingine. Anayesahau oda ya kwanza kwenye 2,050 huku ya pili ikiwa kwenye 2,102 amejitayarishia hasara ya dola 612. Kabla ya kufunga kompyuta, pitia safu ya S / L kwa kila oda na uhakikishe namba zinafanana.