Namba Chini ya Kopo: Kufuatilia Losheni ya Nyumbani kutoka Kasulu hadi Kibondo

Katika nyanda za juu za Kigoma, malighafi ya vipodozi haiko mbali. Mawese na mafuta ya mise hupatikana sokoni, na nta ya nyuki hutoka katika misitu ya Kibondo na Kasulu yenyewe. Ndiyo maana sabuni, mafuta ya kujipaka na losheni zinazotengenezwa jikoni au katika chumba cha uani huonekana katika maduka na magulio ya wilaya hizo. Bidhaa inapouzwa kwa majirani watatu, mtengenezaji humjua kila mnunuzi. Inapofika kwa muuzaji wa jumla, naye akaisambaza kwa wauzaji wa rejareja, mtengenezaji hajui tena ngozi ya nani inapakwa alichokipika.

Swali la kitabibu hujitokeza siku mgonjwa anapofika zahanati akiwa na vipele vyenye usaha miguuni, na mkononi ameshika kopo la losheni. Je, tatizo limo katika kopo lake peke yake, au limo katika makopo yote yaliyopikwa siku ile? Jibu hutegemea mambo mawili: namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kopo, na daftari ambalo namba hiyo inalifungua. Namba isiyo na daftari ni pambo tu.

Ni vema kwanza kutofautisha aina za bidhaa. Mafuta ya mgando yaliyotengenezwa kwa mafuta na nta pekee hayana maji, kwa hiyo bakteria hawapati mahali pa kuzaliana. Kinachoyaharibu zaidi ni kuchacha, ambako hutambulika kwa harufu kali na huweza kuwasha ngozi. Losheni ni jambo jingine. Sehemu yake kubwa ni maji, na maji yakikaa na mafuta bila kihifadhi cha kutosha huwa makazi ya bakteria kama Sudomonasi na stafilokokasi, pamoja na ukungu. Kwa mtu mwenye ngozi nzima, madhara yanaweza kuwa vipele vya muda mfupi. Kwa mtoto mchanga, mwenye jeraha la moto au mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda, maambukizi hayo yanaweza kuwa mazito. Kwa sababu hiyo, makala haya yanafuata losheni.

Uchukuliwe mfano wa mtengenezaji wa Kasulu anayepika losheni tarehe 14 Machi 2025. Siku hiyo anapika sufuria mbili, kila moja kilo 20. Kanuni ya kwanza ni kwamba sufuria moja ni toleo moja. Hata kama mapishi ni yale yale na siku ni ile ile, kila sufuria hupimwa, huchanganywa na hupoozwa kivyake, na kosa linaweza kuingia katika moja lisiingie katika nyingine. Sufuria ya kwanza inapewa namba K250314-1, na ya pili K250314-2. Herufi ni ya Kasulu, tarakimu sita ni mwaka, mwezi na siku, na tarakimu ya mwisho ni sufuria.

Namba huandikwa kwenye mwili au kitako cha kopo, si kwenye mfuniko, kwa kuwa mifuniko hubadilishwa kwa urahisi dukani na nyumbani. Wino wa kawaida hufutika kwa mafuta, hivyo lebo hufunikwa kwa utepe mwangavu au huandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika. Kando ya namba huwekwa tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na muda wa kutumia baada ya kopo kufunguliwa.

Daftari hupewa ukurasa mmoja kwa kila namba. Huandikwa uzito wa kila malighafi uliopimwa kweli, si ule wa kwenye mapishi. Dumu la mafuta na pakiti ya kihifadhi vilivyotumika. Maji yalichemshwa lini. Kipimo cha pH. Idadi ya makopo. Na mahali kila kopo lilikopelekwa. Kipimo cha pH kinastahili maelezo, kwa kuwa hapo ndipo losheni nyingi za nyumbani huharibikia. Sodiamu benzoeti, kihifadhi kinachotumika sana, hufanya kazi vizuri losheni inapokuwa na asidi kiasi, yaani pH isiyozidi 5 hivi. Katika kilo 20, kiasi cha asilimia 0.5 ni gramu 100. Mtengenezaji anaweza kupima gramu 100 kwa uaminifu kabisa, lakini akisahau asidi ya sitriki na pH ikabaki 7, kihifadhi hicho kitakuwa karibu hakina kazi. Losheni itaonekana nyeupe na laini kama ile nyingine. Karatasi ya kupimia pH pekee ndiyo itakayosema tofauti.

Kutoka sufuria ya pili yanapatikana makopo 195 ya gramu 100, baada ya kiasi kidogo kubaki sufuriani. Manne yanawekwa akiba. Yaliyobaki 191 yanaandikwa hivi: 60 duka la Kasulu mjini, 72 kwa muuzaji wa jumla wa Kibondo, 36 kwa mchuuzi wa magulioni, na 23 yaliyouzwa nyumbani.

Makopo manne ya akiba ndiyo ukaguzi wa muda wa matumizi. Mawili hukaa yamefungwa katika chumba cha kawaida. La tatu huwekwa mahali penye joto, kwa maana hali ya hewa ya nyanda za juu hudanganya: losheni inayotulia katika nyumba ya Kasulu yenye ubaridi huweza kutengana ndani ya kibanda cha bati au juu ya basi. La nne hufunguliwa na kuguswa kwa kidole safi kila siku, kama mteja afanyavyo. Kila mwezi hutazamwa rangi, harufu, kutengana kwa maji na mafuta, madoa ya ukungu na pH. Maabara huharakisha kazi hii kwa kuweka bidhaa kwenye nyuzi joto 40 kwa miezi mitatu, lakini hata hayo ni makadirio. Aidha, jicho na pua havioni bakteria wachache. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa ISO 17516, losheni ya mtu mzima haipaswi kuzidi vimelea hai 1,000 kwa gramu, na ya mtoto wa chini ya miaka mitatu 100; hilo hujulikana maabara pekee. Tarehe ya mwisho wa matumizi nayo haiwezi kupita tarehe ya malighafi inayoisha mapema zaidi.

Katika mfano huu, tarehe 20 Aprili wanawake wawili wa kaya tofauti wanafika zahanati moja wilayani Kibondo wakiwa na vipele vya usaha kwenye vinyweleo. Wote wana makopo yenye K250314-2. Mhudumu anatibu, anaelekeza losheni iachwe, anaandika namba katika kadi ya kila mgonjwa, anahifadhi makopo yakiwa yamefungwa, na anatoa taarifa kwa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Tangu Julai 2019, usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, baada ya jukumu hilo kuondolewa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Huko nako taarifa hufikishwa.

Hatua inayofuata huamua mambo. Kopo lililofunguliwa haliwezi kutoa ushahidi kamili, kwa kuwa uchafu ungeweza kutoka vidoleni mwa mtumiaji. Kopo la akiba lisilofunguliwa linaweza. Mtengenezaji anafungua moja: losheni imeanza kutengana, na ina harufu ya uvundo. Anafungua na la sufuria ya kwanza: liko sawa. Katika daftari, ukurasa wa sufuria ya kwanza una pH 4.5, na nafasi ya pH katika ukurasa wa pili iko wazi. Karatasi inaonyesha 7. Chanzo kimejulikana, na mipaka yake pia: toleo moja. Kama kosa lingekuwa katika maji au katika dumu la mafuta lililotumika kwa sufuria zote mbili, matoleo yote mawili yangeondolewa.

Mtengenezaji hasubiri majibu ya maabara ndipo asimamishe mauzo. Anawapigia simu wauzaji watatu siku hiyo hiyo, akitaja namba, si jina la losheni pekee, ili sufuria ya kwanza isiondolewe bure na ya pili isiachwe. Muuzaji wa jumla anawatafuta wa rejareja aliowauzia. Tangazo lenye namba na sehemu ya kopo inapoonekana linabandikwa zahanati na dukani, na kusomwa kwa Kiswahili na Kiha gulioni. Fedha inarudishwa, bila hivyo makopo hayarudi.

Kisha hesabu hufungwa. Duka la Kasulu linarudisha 31, muuzaji wa jumla 40 yaliyokuwa ghalani na 15 aliyokusanya, mchuuzi 9, na wateja wa nyumbani 5. Jumla ni 100. Makopo 91 yametumika au hayajapatikana, na idadi hiyo huandikwa waziwazi, kwa kuwa zahanati zitaendelea kuwauliza wagonjwa wenye vipele hadi tarehe ya mwisho wa matumizi ipite.

Yaliyorudi hayachemshwi upya na kuuzwa. Moto unaweza kuua bakteria, lakini sumu zinazoachwa na baadhi yao hubaki, na kuchacha hakurudi nyuma. Machache huhifadhiwa kwa uchunguzi. Mengine huharibiwa mbali na mito na visima mbele ya shahidi anayetia saini daftarini.

Mpango huu una tundu moja kubwa: ndoo ya kupimia. Muuzaji anayechota losheni kwa kijiko kutoka ndooni, au anayejazia toleo jipya juu ya mabaki ya toleo la zamani, amefuta namba zote kwa mkono mmoja. Mteja hupata losheni isiyo na tarehe, na mgonjwa hufika zahanati na kifuko kisichosema kitu. Suluhisho ni vikopo vidogo vya bei ambayo mnunuzi wa kijiko anaimudu, kila kimoja na namba yake.

Mtengenezaji anaweza kujua kama daftari lake litafaa kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mara moja kwa mwaka achague namba moja ya miezi iliyopita, atazame saa, kisha atafute kila kopo lilikokwenda. Akiweza kuwataja wapokeaji wote na jumla ikalingana na makopo yaliyojazwa kabla ya jua kuzama, mpango wake unafanya kazi. Akibaki na makopo asiyoyajua, ameona ni ukurasa gani wa kurekebisha.