Pawabenki ya Laptopu: Tafuta Volti 20 Kwanza

Mtu anaingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo au Luthuli Avenue, anaomba pawabenki ya kuendeshea laptopu umeme ukikatika, na muuzaji anamshushia kubwa kuliko zote zilizo rafuni: mAh 20,000, pengine 30,000. Nyumbani anaichomeka, na laptopu haioneshi hata dalili ya kuchaji. Simu ikichomekwa hapohapo inajaa vizuri. Wengi huamua kwamba wameuziwa feki, lakini mara nyingi pawabenki hiyo ni nzima. Kinachokosekana ni volti zinazohitajika na laptopu, na namba ya mAh haisemi lolote kuhusu volti hizo.

Jibu limeandikwa kwenye chaja ya laptopu yenyewe. Tuchukue ThinkPad T480, laptopu ya mwaka 2018 inayochaji kwa USB-C. Ukigeuza chaja yake ya kawaida, kwenye mstari wa OUTPUT utasoma 20V na 3.25A. Zidisha volti kwa ampea, 20 mara 3.25, unapata wati 65. Hapo umeshajua mambo mawili: umeme uingie kwa msukumo gani, na kwa wingi gani.

Volti 20 hazikuwekwa kwa kubahatisha. Betri ya laptopu hii ina seli zilizoungwa tatu kwa mfululizo, na zikijaa hufika karibu volti 13. Umeme wa kuijaza betri hiyo lazima uje na msukumo uliozidi hapo. Baadhi ya laptopu zina saketi ya kushusha volti tu, haina uwezo wa kuzipandisha, kwa hiyo volti 5 au 9 zinazotosha simu haziwezi kufanya kazi. Zipo pia laptopu zenye saketi inayopandisha, na baadhi yake hukubali chaja ndogo, ila hujaa polepole mno.

Sasa tazama kinachotokea unapochomeka waya wa USB-C. Pawabenki haimwagi volti 20 papo hapo, maana ingeunguza simu au kifaa chochote kidogo. Inaanza na volti 5. Kisha, kupitia pini maalumu ya mawasiliano, inaitajia laptopu orodha ya volti na ampea inazoweza kutoa. Laptopu inachagua moja, pawabenki inakubali, na hapo ndipo volti hupanda. Yote haya humalizika kabla hujaondoa mkono kwenye waya. Utaratibu huo unaitwa USB Power Delivery, na kwenye maboksi hufupishwa PD. Ngazi zake za kawaida ni volti 5, 9, 15 na 20. Ikiwa orodha ya pawabenki haina ngazi inayoifaa laptopu, mazungumzo yanaishia hapo, na laptopu inabaki kana kwamba hakuna kilichochomekwa.

Weka mezani pawabenki mbili, zote za mAh 20,000. Ya kwanza imeandikwa kwenye tundu lake la USB-C: 5V=3A, 9V=2.22A, 12V=1.67A. Ngazi ya juu kabisa ni volti 12, na kila ngazi haizidi wati 20 au hapo karibu. T480 itaikataa. Ya pili imeandikwa: 5V=3A, 9V=3A, 15V=3A, 20V=3.25A. Ngazi ya mwisho ni ileile ya chaja, wati 65, na hiyo itachaji. Hata pawabenki yenye 20V=2.25A, yaani wati 45, inaitosha T480 kwa kazi za kawaida, ila betri itachelewa kujaa.

Kuna wakati pawabenki ina volti 20 na bado inagoma. Kwanza angalia tundu. Tundu pana la USB-A halina pini ya mazungumzo ya PD, hivyo hata likiwa na maandishi ya kuchaji haraka, halitoi volti 20. Baadhi ya pawabenki nazo zina tundu la USB-C la kupokea umeme tu. Ukiona limeandikwa INPUT peke yake, usilitegemee kutoa. Pili ni waya. Waya wa kawaida wa USB-C unabeba ampea 3, maana yake wati 60 kwa volti 20. Zaidi ya hapo unahitaji waya wa ampea 5, ambao ndani yake una chipu ya kujitambulisha. Waya uliokuja na simu, wa USB-A upande mmoja, hauwezi kazi hii kabisa.

Tatu ni kugawana. Ukichomeka simu kwenye tundu la pili, pawabenki nyingi hugawa upya wati zake, na tundu la laptopu linaweza kushushwa chini ya kiwango inachokikubali. Ikiwa laptopu ilikuwa inachaji ikaacha mara tu ulipoongeza simu, ichomoe simu. Nne, USB-C inaruhusu umeme kwenda pande zote mbili. Hutokea laptopu ikaanza kuichaji pawabenki. Utaijua kwa taa za pawabenki kuwaka kama inayojazwa, huku asilimia ya laptopu ikishuka. Chomoa, bonyeza kitufe cha pawabenki kwanza, kisha chomeka tena.

Laptopu za zamani zenye tundu la mviringo hazizungumzi PD. Nyingi za HP na Dell za aina hiyo hutumia volti 19.5. Kuna waya unaoomba volti 20 kutoka kwenye pawabenki kwa niaba ya laptopu na kuzipeleka kwenye pini ya mviringo, na tofauti hiyo ya nusu volti kwa kawaida haina madhara. Ila pini ya katikati ya chaja ya Dell hutumika kuitambulisha chaja kwa laptopu. Utambulisho huo ukikosekana, laptopu inaweza kuwaka bila kuchaji betri, tena ikafanya kazi kwa kasi ndogo.

Baada ya volti kukubaliana, ndipo mAh inapata maana yake. Namba ya 20,000 hupimwa kwenye seli za ndani, zenye volti 3.7 hivi. Zidisha 20,000 kwa 3.7, gawa kwa 1,000, unapata wati-saa 74. Kupandisha volti kunapoteza sehemu yake kama joto. Hesabu kupata wati-saa 63 hivi. Laptopu ikitumia wati 10 kwa kuandika na kusoma, hiyo ni saa sita. Ikitumia wati 25 kwa kuhariri video, ni saa mbili na nusu. Kwa hiyo jaza betri ya laptopu umeme ukiwapo, ili wakati wa giza pawabenki isibebe mizigo miwili, kuendesha na kujaza. Na kama unasafiri kwa ndege, mashirika mengi huruhusu hadi wati-saa 100 bila kibali, iwe kwenye mkoba wa mkononi.

Ukienda dukani, beba laptopu na waya utakaotumia. Soma mstari wa OUTPUT wa tundu la USB-C, hakikisha kuna 20V na wati zisizopungua 45, kisha chomeka palepale uone alama ya kuchaji kabla hujalipa. Muuzaji akikataa kukujaribishia, nenda duka la pili.