Toleo Kwanza, Ufunguo Baadaye

Unapopiga Windows 11 upya kwenye laptopu ya mtumba, mapema tu kinatokea kisanduku kinachodai herufi na tarakimu 25. Hapo wengi hukwama, wakaanza kutafuta ufunguo mitandaoni au kununua wa bei ya kutupa. Hakuna haja. Chini ya kisanduku pameandikwa *I don't have a product key*. Bofya hapo, kazi itaendelea.

Kinachofuata ndicho cha kuangalia kwa makini: orodha ya matoleo. Home, Home Single Language, Pro, Education, na mengine yenye herufi N, ambayo hayana programu za kuchezea muziki na video. Mafundi wengi huchagua Pro kwa mazoea, eti ndiyo kubwa. Lakini leseni hufuata toleo. Laptopu iliyotoka kiwandani na Home, ukiiwekea Pro, haitajiamilisha hata ikiunganishwa na intaneti; pembeni mwa skrini yatabaki maneno *Activate Windows*, na hutaweza kubadili picha ya mandhari kwenye mipangilio.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, fungua Settings, System, kisha Activation. Tuseme umekuta Windows 11 Pro na maelezo kwamba imeamilishwa kwa *digital license*. Hapo umetulia: leseni inatambuliwa kwa mashine yenyewe, hasa ubao mama. Ruka ufunguo, chagua Pro, na ukiingia mtandaoni itajiamilisha.

Ukikuta Enterprise, shuku kidogo. Hilo ni toleo la makampuni, na huenda laptopu iliuzwa na leseni ya ofisi ikiwa bado ndani. Andika amri hii:

```
slmgr /xpr
```

Ikikupa tarehe ya mwisho, uamilisho huo ni wa muda. Ule unaotegemea seva ya kampuni hudumu siku 180 tu usipohuishwa. Sasa uliza kiwandani iliwekewa nini, kwa PowerShell:

```
(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey
```

Mashine nyingi zilizotoka na Windows 8 au mpya zaidi zina ufunguo ndani ya ubao mama, na amri hii huuonyesha. Ndiyo maana mara nyingine usakinishaji haukuulizi ufunguo wala toleo: umeshausoma wenyewe. Usidhani flashi ni mbovu.

Umenunua ufunguo wa Pro na mashine imejiwekea Home? Iache imalize, kisha rudi Activation, bofya *Change product key* na uuandike hapo. Mafaili yako yatabaki. Kutoka Pro kushuka Home ni habari nyingine: lazima ufute na kuanza upya. Ukiwa na shaka na huna ufunguo wowote mkononi, weka Home.