Mapacha Tumboni: Kondo Moja au Makondo Mawili?

Mama mja mzito anapopigwa picha ya ultrasaundi na kuambiwa kuwa amebeba mapacha, jambo analotaka kujua kwanza ni kama watoto ni wa kiume au wa kike. Mganga aliye mbele ya mashine ana swali lake: je, watoto hawa wanalishwa na kondo moja la nyuma, au kila mmoja analo lake? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua mama arudi kupimwa mara ngapi na ajifungue lini.

Mapacha waliotokana na mayai mawili huwa na makondo mawili karibu daima. Wale waliotokana na yai moja lililogawanyika wanaweza kuwa na makondo mawili pia, lakini yapata theluthi mbili yao hutumia kondo moja. Kwa hiyo, watoto wakiwa wa kiume na wa kike, huchukuliwa kuwa kila mmoja ana kondo lake. Wakiwa wa jinsia moja, hilo halithibitishi lolote.

Kuhesabu makondo kwa macho hakutoshi, maana makondo mawili yaliyokaa karibu huweza kushikana yakaonekana kama moja. Mganga hutazama utando unaowatenga watoto, mahali unapogusana na kondo. Penye makondo mawili, utando huo ni mnene, na nyama ya kondo hupenya katikati yake ikafanya umbo kama ncha ya mkuki. Penye kondo moja, utando ni mwembamba, nao husimama wima juu ya kondo kama herufi T. Alama hizi huonekana vizuri kati ya juma la 11 na la 14. Baadaye ile ncha hufifia, na mama aliyechelewa anaweza kukosa jibu la hakika. Hapo mganga mwangalifu humhesabu kuwa ana kondo moja, kwa usalama wake.

Kwa nini kondo moja lihofiwe? Ndani yake mishipa ya damu ya watoto wawili huungana. Kwa kawaida damu inayokwenda huku hulingana na inayorudi. Katika mimba kama kumi hadi kumi na tano kwa kila mia za namna hii, mizani hiyo hupotoka: mtoto mmoja humpa mwenziwe damu bila kurudishiwa vya kutosha. Anayetoa hupungukiwa na mkojo, na maji yanayomzunguka hukauka. Anayepokea hukojoa kupita kiasi, maji yake hufurika, na moyo wake huelemewa. Hali hii huanza mara nyingi kati ya juma la 16 na la 26, na ikiwa kali na isitibiwe, mara nyingi watoto wote wawili hufa.

Chukua mfano wa mke wa sajini aliyepigwa picha katika juma la 12, ikaonekana alama ya T na watoto wawili, kila mmoja katika mfuko wake wa maji. Kama angekuwa na makondo mawili, angepimwa kila baada ya majuma manne kuanzia juma la 20. Kwa kuwa kondo ni moja, ataanza juma la 16 na kurudi kila majuma mawili. Juma la 16 kina cha maji ni sentimita 4 kwa mtoto mmoja na 5 kwa mwingine; hakuna neno. Juma la 18 ni sentimita 1.5 na 9, na kibofu cha mtoto mwenye maji machache hakionekani. Chini ya 2 upande mmoja na zaidi ya 8 upande wa pili ni dalili kamili katika umri huo. Mama huyu hapewi miadi ya mwezi ujao. Hupelekwa mara moja kwenye hospitali kubwa yenye mabingwa. Tiba yake ni kuziba kwa mwali wa leza mishipa inayounganisha watoto, nayo hufanywa katika hospitali chache tu. Kupunguza maji kwa sindano humpa mama nafuu, lakini hakuondoi chanzo.

Kati ya miadi, mume na mke waangalie tumbo. Likikua ghafla kwa siku chache, likakaza, mama akahema kwa shida au akapata uchungu, asingoje siku ya kliniki.

Mambo yakienda sawa, mapacha wa makondo mawili huzaliwa yapata juma la 37, na wa kondo moja juma la 36. Wale wachache walio katika mfuko mmoja wa maji huzaliwa kwa upasuaji kati ya juma la 32 na la 34, kwa kuwa vitovu vyao huweza kusokotana. Basi jibu la picha ya kwanza na liandikwe wazi katika kadi ya kliniki, ili askari akihamishwa kituo, mganga mwingine aendelee na mpango ule ule.