Chakula Kimepoa, Mgeni Amekasirika: Dakika Ishirini za Kurekebisha Mambo

Tuchukue Jumamosi moja usiku katika mgahawa wa hoteli jijini Mwanza. Mama wa makamo amekuja na mwanawe, mkwewe na mjukuu wa miaka sita. Saa 1:30 wanaagiza: sato mzima wa kuchoma na ugali kwa mama, kuku na chipsi kwa kijana, pilau kwa mkwe, mishikaki na chipsi kwa mtoto. Chakula kinafika saa 2:20. Sato ni wa moto, lakini ugali umekuwa mgumu na chipsi zimelegea. Mama anamwita mhudumu: "Mwanangu, tumekaa hapa karibu saa nzima, na ugali wenyewe wa baridi."

Kabla ya kumjibu, tuangalie kilichotokea jikoni, kwa maana hapo ndipo malalamiko haya mawili, kuchelewa na kupoa, huwa kitu kimoja. Oda yote iliingia kwa wakati mmoja. Sato mzima juu ya mkaa alihitaji zaidi ya nusu saa, na usiku huo wenye wateja wengi alichelewa kupata nafasi jikoni. Mpishi wa chipsi naye akakaanga mara tu alipoiona karatasi ya oda, na ugali ukapakuliwa mapema. Sahani zikakaa kwenye dirisha la jikoni zikimsubiri samaki, feni ikizipuliza. Hakuna aliyelala kazini. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: "Chipsi zisiingie kwenye mafuta mpaka sato ageuzwe mara ya mwisho."

Sasa turudi mezani. Mhudumu aliyezoea atajibu, "Pole mama, leo wateja ni wengi," au "Jikoni ndio wamechelewesha." Majibu yote mawili yanamwongezea mgeni hasira. Wingi wa wateja si mzigo wake, na jikoni yeye haijui. Anayemjua ni huyu aliyesimama mbele yake. Hata pole peke yake haitoshi, kwa kuwa pole humfaa pia mtu aliyenyeshewa na mvua. Mgeni anataka kusikia kwamba mmelitambua kosa kuwa ni lenu. Kwa hiyo mhudumu amwache amalize kusema, ainame kidogo ili asimwongeleshe kutoka juu, kisha arudie lalamiko kama alivyolisikia:

"Samahani sana mama. Mmesubiri muda mrefu, na ugali na chipsi vimefika vimepoa. Kosa ni letu. Naomba niviondoe, niwaletee vipya. Kama mna haraka, pilau ipo tayari na ni ya moto. Mngependa lipi?"

Maneno hayo ni machache, lakini yanabeba mambo yote mgeni anayoyahitaji: amesikika, ameombwa radhi bila sababu kuchomekwa, na amepewa nafasi ya kuchagua. Kuchagua ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Huenda mtoto ana usingizi, huenda kuna safari ya alfajiri, na dakika 12 nyingine zikawa adhabu badala ya msaada.

Mama akichagua ugali mpya, mhudumu aende jikoni mwenyewe, aulize dakika, na arudi nazo. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Mhudumu anasema "inakuja sasa hivi" kisha anapotea. Kwa mtu aliyekwisha kusubiri dakika 50, ahadi isiyo na saa ni sawa na kumwambia asubiri tena bila mwisho. Mpishi akisema ugali ni dakika 10, mgeni aambiwe 12:

"Mama, chipsi za mtoto zinatangulia, dakika saba. Ugali ni dakika kumi na mbili. Sato naomba nimrudishe pembeni ya moto, afunikwe asipoe. Au ungependa kuanza naye?"

Mtoto anahudumiwa kwanza kwa sababu mtoto mwenye njaa huifanya meza nzima ikose subira. Sato anaulizwa habari zake kwa sababu usipomkumbuka, ugali utafika wa moto akiwa yeye amepoa, na lalamiko litaanza upya. Wakati huo huo kiletwe kitu cha moto, kibakuli cha supu kwa kila mmoja, bila malipo na bila kuuliza.

Vilivyorudi jikoni visipashwe na kurudishwa mezani. Chipsi zikipashwa kwenye maikrowevu hulainika zaidi, na nyama ya kuchoma hukauka. Mchuzi au supu ambayo mgeni hajaigusa inaweza kupashwa, mradi ichemke kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 za Selsiasi mpaka kiliwe, kwa kuwa chini ya hapo vijidudu hupata nafasi ya kuzaliana. Hivyo sahani iliyokaa dirishani inahusu pia usalama. Sahani mpya nayo ipashwe moto kabla ya kupakuliwa, kwani sahani ya baridi hunyonya joto la chakula upesi.

Chakula kikishafika, mhudumu asubiri mgeni ale tonge mbili tatu, kisha aulize swali lenye jibu: "Ugali sasa ni wa moto, mama?" Swali la jumla kama "kila kitu sawa?" hujibiwa "sawa" hata na mtu aliyeudhika. Kisha msimamizi apite mara moja, asimlazimishe mama kusimulia upya: "Shikamoo mama. Mhudumu amenieleza kuhusu ugali na kuchelewa. Naomba radhi kwa niaba ya jikoni. Ugali na chipsi hatutaviweka kwenye bili." Hilo lisemwe kabla bili haijaletwa. Mgeni akilazimika kuomba punguzo mwenyewe, amedhalilishwa mara ya pili. Nami naona ni bora kuondoa vyakula vilivyoharibika kuliko kutoa asilimia kadhaa ya bili nzima, kwa sababu mgeni anaona wazi kwamba kosa lake limehesabiwa.

Haya yote hayawezekani kama mhudumu hana ruhusa. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana duniani kwa kumruhusu mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kumridhisha mgeni mmoja bila kumwomba meneja. Mgahawa wa Mwanza hauhitaji kufika huko. Unahitaji kumwambia mhudumu: supu, vinywaji na sahani moja ni uamuzi wako, andika tu kwenye daftari. Mahali pengine chakula kinachorudi hukatwa kwenye mshahara wa mhudumu. Huo ni uonevu, na matokeo yake ni kwamba mhudumu huficha lalamiko, humkwepa mgeni, na mwenye mgahawa hujua habari zikiwa zimeenea mtaani.

Daftari hilo lisomwe asubuhi na mpishi mkuu. Likionyesha chipsi zimerudi Jumamosi mbili mfululizo, kasoro ni mpangilio wa oda. Dawa yake ni mpishi mmoja wa kuita zamu za vyakula, na sentensi moja wakati wa kuagiza: "Sato mzima huchukua kama dakika thelathini na tano, niwaletee supu kwanza?"

Nawe msomaji unayekwenda kula, lalamika kwenye tonge la kwanza, si sahani ikiwa tupu. Mwambie mhudumu kwa upole kilichopoa na unachotaka kifanyike, kwa sababu chakula kilichokwisha kuliwa jikoni haiwezi kukirekebisha.